Pesa za programu ya simu: zinavyofika Migosi, na mahali zinapokwama

Vijana wetu wengi wanatengeneza programu za simu na kuziuza kupitia duka la Google Play. Programu inanunuliwa, hesabu inaonekana kwenye kioo, lakini mfukoni hamna kitu. Wapo wanaodhani wameibiwa. Mara nyingi pesa ziko njiani, au zimesimamishwa na jina lisilolingana.

Tuchukue mfano wa kijana anayeishi Migosi, Kisumu. Programu yake inauzwa kwa shilingi 348. Ndani ya bei hiyo mna kodi ya VAT ya asilimia 16, ambayo Google hukata na kuipeleka serikalini. Zinabaki 300. Kisha duka linachukua ushuru wake. Ada hiyo ni asilimia 15 kwa wenye mauzo madogo waliojiandikisha katika mpango huo, yaani shilingi 45. Kwa hiyo, kila mnunuzi anamwachia kijana wetu shilingi 255.

Mwezi Januari wamenunua watu 30. Hizo ni shilingi 7,650. Duka halimpelekei M-Pesa. Linatuma dola kwa njia ya benki, na halitumi mpaka zifike dola 100. Tukihesabu dola moja kwa shilingi 130, hizo ni shilingi 13,000. Basi za Januari zinalala. Februari wananunua wengine 30, jumla inakuwa 15,300, na kiwango kimepita. Malipo yanaanza kutumwa tarehe 15 ya mwezi unaofuata, yaani Machi 15, na huchukua siku kadhaa za kazi kufika. Njiani benki zinakata ada zao, na kama akaunti ni ya shilingi, benki inabadilisha dola kwa bei yake yenyewe. Kwa hiyo ni vyema kuuliza ada ya kupokea pesa kutoka nje kabla ya kuchagua benki.

Sasa tuje kwenye fomu ya kodi ya Marekani. Mtu binafsi asiye Mmarekani hujaza W-8BEN. Kampuni hujaza W-8BEN-E. Kwenye nafasi ya namba ya kodi ya nchi yako, unaandika PIN yako ya KRA. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo usidai punguzo. Mapato yanayohesabiwa kuwa yametoka Marekani yanaweza kukatwa hadi asilimia 30. Wanunuzi wakiwa wa Kisumu na Mombasa, kata hiyo haiwahusu. Fomu iliyotiwa saini mwaka 2025 inakwisha Desemba 31, 2028, na ikikwisha lazima ujaze upya.

Je, asajili biashara? Kusajili jina la biashara kupitia eCitizen, chini ya Business Registration Service, kunagharimu takriban shilingi 1,000. Lakini jina la biashara halizai mtu mpya kisheria. Mwenyewe ni yule yule na PIN ni ile ile, kwa hiyo fomu yake inabaki W-8BEN. Kampuni ni jambo jingine: ina PIN yake, na dukani inafunguliwa akaunti ya shirika, inayodai namba ya D-U-N-S.

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Kijana anafungua akaunti ya duka kwa jina lake, kisha anaweka akaunti ya benki yenye jina la biashara. Majina hayalingani, malipo yanarudishwa. Dalili yake ni onyo kwenye ukurasa wa malipo, na pesa kurudi kwenye salio. Dawa ni jina moja, herufi kwa herufi, kuanzia kitambulisho, duka, fomu, hadi benki. Tena aina ya wasifu wa malipo, binafsi au biashara, haibadilishwi baadaye. Huna budi kufungua mpya. Amua mapema.

Imebaki KRA. Kwa mauzo ya watu 30 kila mwezi, kijana wetu anaingiza shilingi 108,000 kwa mwaka kabla ya ada ya duka. Hajafika milioni moja, ambapo ndipo kodi ya mauzo ya asilimia 3 inapoanza, inayolipwa kila mwezi kabla ya tarehe 20. Kama hana kipato kingine, nafuu ya shilingi 2,400 kwa mwezi inaimeza kodi yake yote. Hata hivyo, ni lazima awasilishe ritani kabla ya Juni 30, na asiandike sufuri, kwa sababu mapato yapo na benki imeyaona. Akiwa na mshahara, mapato haya yanaongezwa juu yake, na hapo kodi itadaiwa.