Mstari wa Pili Uliofifia

Picha inaingia kwenye simu saa 7 mchana. "Dada, hebu angalia, unauona na wewe?" Kwenye kijiti cha kupimia mimba, mstari wa C umekolea. Kwenye T kuna kivuli chembamba, na mdogo mtu ameshaongeza mwanga wa picha ili kionekane.

Kabla ya kukodolea macho picha hiyo, dada amuulize: ulipima saa ngapi, na picha umeipiga saa ngapi? Akijibu kwamba alipima saa 12 asubuhi, akasubiri dakika tano asione kitu, kisha akakiokota kijiti mchana akakuta mstari, basi mstari huo hauwezi kutegemewa. Vijiti vingi husomwa baada ya dakika tatu hadi tano, na maelezo ya pakiti hukataza kusoma baada ya dakika kumi. Mkojo ukishakauka huacha alama pale T hata kwa asiye na mimba. Mara nyingi alama hiyo ni ya kijivu au haina rangi, nyembamba kama mkwaruzo.

Mstari wa kweli una rangi ileile ya C, hata ukiwa hafifu, nao hulingana nao kwa upana. Ukitokea ndani ya muda uliowekwa, kuna uwezekano mkubwa kwamba mimba ipo, ila bado ni changa. Kamera ya simu, hasa ukiongeza mwanga, huweza kuibadilisha rangi, kwa hiyo kisome kijiti chenyewe kwenye mwanga wa dirishani.

Kufifia kunatokana na homoni ya hCG, ambayo huanza kuingia mwilini mimba inapojishikiza kwenye mji wa mimba. Siku za mwanzo huongezeka takriban maradufu kila baada ya siku mbili au tatu. Pakiti nyingi zimeandikwa 25 mIU/ml, yaani kiwango ambacho kijiti kinaanza kukitambua. Tuseme Jumatatu mkojo una 15: mstari huenda usionekane. Jumatano ukiwa na 30, utaonekana kwa mbali. Ijumaa ukifika 60, utakuwa umekolea zaidi.

Kwa hiyo mdogo mtu akitupe kijiti kile, asubiri saa 48, kisha apime kwa kijiti kipya na mkojo wa kwanza wa asubuhi, kwa sababu maji mengi ya kunywa hupunguza nguvu ya mkojo. Kama hajafikia siku yake ya hedhi, ni heri aingoje ifike. Asipouona mstari na hedhi ikachelewa wiki nzima, aende kituo cha afya.

Wakati mwingine mstari wa kweli hufifia zaidi siku zinazofuata, kisha hedhi ikaja. Hapo huenda mimba ilitungwa ikatoka mapema, na mwenye kupitia hayo hakukosea kusoma.

Lakini akihisi maumivu makali chini ya tumbo, hasa upande mmoja, kizunguzungu, au maumivu ya ncha ya bega, akiwa anatoka damu au hatoki, asisubiri saa 48. Mimba iliyotunga nje ya kizazi nayo huonyesha mstari uliofifia, na inahitaji hospitali siku hiyohiyo.