Rekodi Ndefu Zinapojaza Diski

Faili ya kawaida ya WAV yenye stirio hula takribani megabaiti 10 kwa dakika. Mkutano wa saa mbili, basi, unapita gigabaiti 1.2.

Mazungumzo matupu hayahitaji nafasi yote hiyo. Amri hii huyafanya kuwa MP3 ya mono, chini ya megabaiti 60:

```
ffmpeg -i mkutano.wav -ac 1 -b:a 64k mkutano.mp3
```

Ila sauti iliyopunguzwa hivyo hairudi ilivyokuwa, kwa hiyo WAV ihamishiwe kwanza kwenye diski ya nje. Kabla ya kufuta ya awali, nakala ifunguliwe na dakika zake za mwisho zisikilizwe, maana nakala iliyokatika njiani mara nyingi huanza vizuri tu.

Kwenye Google Drive, faili iliyofutwa huendelea kuhesabiwa hadi pipa la taka limwagwe, au siku 30 zipite.