Bei Inapovunja Dari: Kutofautisha Mvunjo wa Kweli na wa Uongo

Hisa inapopanda mara kadhaa na kila mara ikarudishwa chini kwenye bei ileile, wafanyabiashara huiita bei hiyo dari. Hapo ndipo wenye hisa wengi wameweka oda za kuuza. Siku bei inapopita juu yake, husemwa kuwa imevunja, na wengi hukimbilia kununua wakitarajia safari ndefu ya kupanda. Mara nyingi safari hiyo haipo. Bei hurejea chini ya dari siku ileile au baada ya siku mbili tatu, na aliyenunua juu hubaki na hasara.

Chanzo cha udanganyifu huo ni aina ya oda zinazokaa juu kidogo ya dari. Waliouza hisa za kuazima wakitegemea bei ishuke huweka hapo oda za kununua ili kujikinga na hasara. Bei ikipenya kidogo tu, oda hizo hutekelezwa zenyewe na kuisukuma juu zaidi. Zikiisha, kama hakuna mnunuzi mwingine mwenye nia ya kweli, msukumo hufa.

Ndiyo maana kitu cha kwanza kutazamwa ni kiasi cha hisa zilizouzwa na kununuliwa siku hiyo, ambacho kwenye chati huonyeshwa kwa nguzo zilizo chini ya bei. Nguzo ya siku ya mvunjo hulinganishwa na wastani wa siku 20 zilizotangulia. Wengi hutaka iwe angalau mara moja na nusu ya wastani huo, ingawa hakuna namba iliyo sheria. Kiasi kikubwa kina maana kwa sababu wauzaji wa kwenye dari wapo na hisa zao zinanunuliwa zote. Bei ikipanda kwa kiasi kidogo, huenda wauzaji hao wamesogea pembeni kwa muda tu.

Tuseme hisa ya kubuni imekwama kwenye shilingi 50 mara tatu, na wastani wake ni hisa 100,000 kwa siku. Siku moja inafika 52 na kufunga kwa 51.80, hisa 240,000 zikiwa zimeuzwa. Hiyo ina dalili njema. Ingekuwa imefika 52 ikafunga kwa 50.10, hisa 80,000 tu zikiuzwa, mshumaa wa siku hiyo ungebaki na utambi mrefu juu, yaani bei ilipanda ikafukuzwa kabla ya soko kufungwa. Bei ya kufunga ndiyo ya kuhesabiwa, si kilele cha mchana.

Kitu cha pili ni marudio. Siku chache baada ya mvunjo, bei mara nyingi hurudi kuigusa dari ya zamani. Ikiwa mvunjo ni wa kweli, waliokosa kununua mwanzo huingia hapo, nao waliouza kwa kuazima hutumia nafasi hiyo kutoka, hivyo dari hugeuka sakafu. Katika mfano wetu, bei inashuka siku nne hadi 50.30, kila siku zikiuzwa hisa kama 60,000, kisha inafunga kwa 51.50 kiasi kikiongezeka. Kushuka kwa kiasi kidogo huonyesha kwamba wanaouza si wengi. Mnunuzi anaweza kuingia hapo na kuweka oda ya kukomesha hasara kwenye 48.90. Bei ikifunga kwa 49, kisha ikapanda na kugota tena chini ya 50, mvunjo umekwisha.

Vipimo hivi vina mipaka. Katika masoko yenye miamala michache, kama Soko la Hisa la Dar es Salaam kwa hisa nyingi, muamala mmoja mkubwa kati ya watu wawili waweza kuinua nguzo bila soko kuwa na msisimko wowote. Katika biashara ya fedha za kigeni hakuna soko moja la kati, kwa hiyo nguzo za kwenye programu ya dalali kwa kawaida huhesabu mabadiliko ya bei, si fedha zote zilizouzwa duniani.

Marudio nayo si lazima yatokee upesi. Bitikoini ilikaribia dola 20,000 Desemba 2017 ikaporomoka, ikakwama karibu na hapo tena mwanzoni mwa Desemba 2020, kisha ikavunja tarehe 16 mwezi huo. Kabla ya katikati ya Januari 2021 ilikuwa imepita dola 40,000. Aliyesubiri irudi kwenye 20,000 alisubiri hadi Juni 2022, na ilipofika hapo ilikuwa ikiporomoka.