Milioni Tano Ipi? Barua ya Mtaalamu Anayerudi Kutoka Dubai

Mhandisi wa Kitanzania aliyefanya kazi Dubai kwa miaka tisa ameamua kurudi Dar es Salaam. Anamwandikia wakala wa ajira barua ya ukurasa mmoja, anaeleza kazi aliyokuwa akiifanya, na mwishoni anatamka: "Natarajia mshahara wa shilingi milioni tano kwa mwezi." Wakala anaipeleka takwimu hiyo kwa mwajiri jinsi ilivyo. Mkataba unakuja na milioni tano kamili. Mwezi wa kwanza unapoisha, kinachoingia benki ni shilingi 3,322,000.

Mhandisi huyo ni wa mfano, lakini hesabu ni za kweli, na katika kisa hiki hakuna aliyemdhulumu mwenzake. Mwajiri alilipa kilichoandikwa. Wakala alifikisha alichoambiwa. Tatizo lilianzia kwenye sentensi moja ya barua, na sentensi hiyo ina chimbuko lake Ghuba.

Falme za Kiarabu hazitozi kodi ya mapato kwenye mshahara wa mfanyakazi, na mgeni kutoka Afrika Mashariki hakatwi mchango wa pensheni. Dirham 18,000 zilizoandikwa kwenye mkataba ndizo dirham 18,000 zinazoingia benki. Mtu akiishi miaka tisa katika utaratibu huo, akitaja mshahara huwa anataja fedha ya mkononi. Mwajiri wa Dar es Salaam akisikia mshahara, yeye anafikiria mshahara ghafi, yaani kabla ya makato yoyote. Kwa hiyo wawili hawa wanaweza kukubaliana kwa moyo mweupe kuhusu milioni tano mbili tofauti.

Tuifuate hesabu. Katika sekta binafsi Tanzania, mfanyakazi kwa kawaida huchangia asilimia 10 ya mshahara kwenye NSSF. Kwenye milioni tano hiyo ni 500,000, na kinachobaki, 4,500,000, ndicho kinachotozwa PAYE. Kwa viwango vya sasa vya Tanzania Bara, anayezidi milioni moja hulipa 128,000 pamoja na asilimia 30 ya kile kinachozidi milioni hiyo. Kodi yake inafika 1,178,000. Ukitoa makato hayo mawili, unabaki na ile 3,322,000.

Kama alitaka kweli milioni tano za mkononi, alipaswa kuomba mshahara ghafi wa takriban 7,664,000. Na hapo bado hajaona upande wa mwajiri, ambaye naye huchangia asilimia 10 ya NSSF, hulipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi ya asilimia 3.5 ikiwa ana wafanyakazi kumi au zaidi, na asilimia 0.5 kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Mtu mmoja wa mshahara huo anamgharimu mwajiri kama milioni 8.74 kwa mwezi, kabla ya bima ya afya na mafuta ya gari. Anayeijua namba hii huelewa kwa nini mwajiri anasita, na huacha kudhani kwamba anadharauliwa.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha kwa nini si busara kuchukua dirham za Dubai, kuzizidisha kwa bei ya dola na kumpelekea wakala jibu. Dirham 18,000 ni karibu dola 4,900. Tukichukua shilingi 2,500 kwa dola kama kiwango cha mfano, tunapata zaidi ya milioni 12. Kumpa mtu kiasi hicho mkononi hapa nyumbani kungedai mshahara ghafi wa zaidi ya milioni 19, na kumtoa mwajiri karibu milioni 22 kila mwezi. Wakala akiona ombi la namna hiyo kwa nafasi ya mhandisi wa matengenezo, huiweka barua kando bila hata kujibu. Tena sehemu kubwa ya dirham zile ilikuwa ikiishia kwa mwenye nyumba wa Dubai na kwenye ada za shule, gharama ambazo anaziacha kulekule. Hesabu ya haki huanzia huku: kodi ya nyumba ya mtaa anaotaka kuishi, shule ya watoto wake, usafiri, wazazi wanaomtegemea, na kile wahandisi wenzake wa rika lake wanacholipwa Dar es Salaam leo.

Liko kato moja ambalo warejeaji wengi hawaliwazi kabisa. Kama mhandisi wetu alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, na akaondoka nchini bila kuumaliza, deni linamsubiri. Akianza kazi, mwajiri analazimika kumkata asilimia 15 ya mshahara wa msingi na kupeleka Bodi. Ikiwa ile 7,664,000 yote ni mshahara wa msingi, makato hayo ni 1,149,600, na mkononi inabaki kama milioni 3.85. Ndiyo maana mwenye deni anapaswa kuuliza mapema mshahara wa msingi ni kiasi gani na posho ni kiasi gani. Mkataba wa Dubai nao ulikuwa na mgawanyo huo, na huko ulikuwa na maana kubwa, kwa sababu kiinua mgongo hupigwa kwa mshahara wa msingi peke yake. Lakini asitegemee kwamba posho za fedha zitamwepusha na PAYE. Kwa mwajiriwa wa sekta binafsi, posho ya nyumba na ya usafiri kwa kawaida huingia kwenye kodi pamoja na mshahara.

Sasa tuitazame ile sehemu ya barua inayoeleza uzoefu, maana mshahara hauwezi kutetewa bila hiyo. Wengi huandika hivi: "Nimefanya kazi kama mhandisi mwandamizi katika kampuni kubwa ya kimataifa." Wakala haijui kampuni hiyo, na vyeo vya Ghuba havilingani na vya hapa. Mhandisi mwandamizi wa kampuni moja anaongoza watu hamsini, wa kampuni nyingine hana hata msaidizi. Anachohitaji wakala ni ukubwa wa mzigo uliobebwa. Linganisha na maneno haya:

"Nilisimamia umeme, viyoyozi na lifti za majengo mawili ya ghorofa 38, nikiwa na mafundi 22 wa zamu tatu. Niliidhinisha bajeti ya matengenezo ya dirham milioni 3.4 kwa mwaka. Hitilafu za lifti zilizotulazimu kuita fundi usiku zilishuka kutoka tisa hadi tatu kwa mwezi baada ya kuanzisha ratiba ya kubadilisha vipuri kabla havijaharibika."

Hapo wakala ana kitu cha kumwonyesha mwenye hoteli, hospitali au jengo la ofisi. Hata hivyo swali kubwa la mwajiri bado halijajibiwa: mtu huyu ataweza kazi ya hapa? Dubai ina bandari ya Jebel Ali na wasambazaji waliojaa mjini. Kipuri kinachokosekana asubuhi kinaweza kupatikana siku hiyo hiyo. Dar es Salaam kipuri cha mtambo mkubwa wa kupoza maji ya viyoyozi huenda kikasubiri meli na taratibu za forodha. Umeme nao hukatika, na jenereta inakuwa sehemu ya kazi ya kila siku. Kwa hiyo ile miaka miwili aliyofanya kazi kiwandani Dar es Salaam kabla ya kuondoka, ambayo warejeaji wengi huifupisha kwa mstari mmoja chini kabisa ya wasifu, inastahili kuwekwa juu. Aeleze alivyokuwa akitunza akiba ya vipuri na kuendesha jenereta.

Aya ya mshahara basi inaweza kuandikwa hivi, kwa Kiswahili au kwa Kiingereza kama ilivyo desturi ya mawakala wengi:

"Ndugu Meneja, kwa sasa napokea dirham 18,000 kwa mwezi, posho za nyumba na usafiri zikiwamo, bila makato ya kodi. Nafahamu kwamba kiwango hicho si kipimo cha soko la nyumbani. Matarajio yangu ni mshahara ghafi wa shilingi 7,600,000 hadi 8,500,000, posho zote za fedha zikiwamo, kabla ya NSSF na PAYE. Mwajiri akitoa bima ya afya ya familia na gari la kazi, niko tayari kuzungumza kuanzia 7,000,000."

Aya hiyo inataja shilingi, inataja ghafi, na inaonyesha ni wapi anaweza kulegeza na kwa badala ya nini. Kwenye milioni saba atabaki na 4,582,000 mkononi kama hadaiwi na Bodi, na anajua hilo kabla hajaandika. Mshahara wa Dubai ameutaja kwa ukweli, na ana sababu ya kufanya hivyo. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu ya mwaka 2021 inampa mfanyakazi anayeondoka haki ya kudai cheti cha uzoefu bila malipo, nacho hutaja tarehe ya kuanza na kumaliza, aina ya kazi na mshahara wa mwisho. Mwombaji aliyejiongezea dirham elfu nne kwenye barua ataumbuliwa na cheti chake mwenyewe.

Cheti hicho kichukuliwe kabla ya kupanda ndege. Ukishatoka, afisa uliyemzoea anaweza kuhama na barua pepe zako zikakosa wa kuzijibu. Vivyo hivyo kwa mtu wa kumdhamini: msimamizi wa zamani aombwe ruhusa mapema, na namba yake ihakikiwe. Dubai iko mbele ya Dar es Salaam kwa saa moja tu, hivyo wakala akiwa na namba inayopatikana anaweza kupiga simu siku hiyo hiyo.

Mhandisi ana hatua nyingine ya lazima. Sheria ya Usajili wa Wahandisi ya mwaka 1997 inamtaka anayefanya kazi ya uhandisi awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na miaka ya Ghuba haifuti sharti hilo. Aliyeondoka akiwa mhandisi mhitimu aanze mapema taratibu za kupanda daraja, kisha aandike kwenye barua amefikia wapi. Aliyepata shahada yake nje huongeza hatua ya kuitambulisha kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Wakala mwenye waombaji wawili wanaolingana atampeleka kwanza yule ambaye karatasi zake zimekamilika.

Inabaki hofu ambayo mwajiri ataificha kwa adabu: kwamba mrejeaji atakaa miezi sita, atachoshwa na foleni na makato, kisha atarudi alikotoka. Maneno matamu kuhusu mapenzi ya nyumbani hayaiondoi. Tarehe huiondoa. Visa inaisha lini, taarifa ya kuacha kazi imetolewa lini, watoto wanaanza shule Dar es Salaam muhula gani, na yeye anaweza kuanza kazi tarehe ngapi: sentensi mbili zinatosha.

Kwa hiyo wewe uliye Dubai, Maskati au Doha na unajiandaa kurudi, usitume barua hiyo leo usiku. Kesho uliza salio lako Bodi ya Mikopo, omba cheti cha uzoefu kwa mwajiri wako, kisha piga hesabu ya mshahara ghafi kutokea kwenye ile fedha unayotaka iingie benki. Ukishaipata namba, iandike pamoja na maneno "kabla ya NSSF na PAYE".