Herufi Moja Katika Jedwali la Kodoni

Ukiwa na picha ya jedwali la kodoni kwenye simu, unaweza kufuata mwenyewe njia inayozaa ugonjwa wa selimundu. Kipande hiki ni cha RNA mjumbe inayobeba maagizo ya kutengeneza beta-globini, mmoja wa minyororo ya hemoglobini:

```
ACACCAUGGUGCAUCUGACUCCUGAGGAGAAG
```

Wengi hukimbilia kuzikata herufi tatu tatu kuanzia mwanzo kabisa. Jaribu: ACA, CCA, UGG, UGC, AUC, UGA. Jedwali litakuambia kwamba UGA ni kodoni ya kukomea, yaani mnyororo umeishia kwenye asidi amino ya tano, ilhali beta-globini iliyokamilika ina 146. Ukikutana na kikomo mapema namna hiyo, shuku mahali ulipoanzia. Tafuta AUG ya kwanza, ndiyo kodoni ya kuanzia, kisha ukate upya:

```
AUG GUG CAU CUG ACU CCU GAG GAG AAG
```

Sasa fungua picha. Katika jedwali la mraba, herufi ya kwanza ya kodoni hutafutwa upande wa kushoto, ya pili juu, na ya tatu kulia. Kwa GUG, shika mstari wa G, nenda hadi safu ya U, halafu ndani ya kisanduku hicho shuka mpaka G: Val, yaani valini. Ukiendelea hivyo utapata methionini, valini, histidini, leusini, threonini, prolini, asidi glutamiki mara mbili, kisha lisini.

Picha za kutumiana simuni mara nyingi hukatwa ukingo wa kulia. Kwenye kisanduku cha GU hasara hiyo haina uzito, kwa kuwa kodoni zake zote nne ni valini. Kwenye GA ina uzito: GAU na GAC ni asidi aspatiki, GAA na GAG ni asidi glutamiki. Kwa bahati, majedwali mengi hupanga herufi kwa mfuatano wa U, C, A, G, hivyo unaweza kuujaza ukingo uliopotea. Picha ikiwa na ukungu, kuza sana panapoandikwa Glu na Gln, kwani Gln ni glutamini, kitu kingine kabisa.

Rudi kwenye GAG ya kwanza, ubadilishe A iwe U. Mstari ni uleule, umehama safu tu, na asidi glutamiki imekuwa valini. Ya kwanza ina chaji hasi na hupatana na maji, valini huyakwepa. Hemoglobini yenye valini hapo, ikishaachia oksijeni, hunatana na wenzake na kuunda nyuzi ndefu zinazoikunja seli nyekundu ya damu.

Ukihesabu, badiliko hilo liko kwenye kodoni ya saba, ingawa vitabu vingi huliita la sita. Methionini ya mwanzo huondolewa protini inapotengenezwa, na hesabu hiyo ya zamani huanzia kwenye valini inayofuata.