Pini Tatu na Bushi Mbili

Fundi ana vipande 40 vya chuma bapa vya bawaba za geti. Kila kimoja kinahitaji matundu mawili ya milimita 11, yaliyoachana milimita 120, ili boliti za milimita 10 zipite. Akipima na kupigia alama kimoja kimoja, ncha ya keekee itateleza hapa na pale, na bawaba kadhaa zitagoma kufungika.

Dawa yake ni jigi: bamba la chini la kulalia kipande, na bamba la juu lenye bushi mbili za chuma kigumu zinazoongoza ncha. Pini mbili, zilizoachana kadiri nafasi inavyoruhusu, hugusa ubavu mrefu. Ya tatu hugusa kichwa. Usiongeze ya nne upande wa pili. Upana wa vyuma hutofautiana kidogo, hivyo kipana kitakwama na chembamba kitacheza. Kazi ya kukaza ni ya klampu, nayo isukume kuelekea pini.

Adui mkubwa ni chenga. Moja tu ikinasa kati ya chuma na pini, tundu limehama. Chimba kijishimo kuzunguka kila pini, na acha kama milimita 6 chini ya bushi ili chenga zitoke.

Hifadhi kipande cha kwanza kilichopimwa vizuri. Kipande kipya kikilazwa juu yake na boliti mbili zikakataa kupita pamoja, kagua bushi: huenda mdomo umepanuka.