Kutoka Slaidi Hadi Kitini cha Kujisomea

Mhadhiri anapoandaa slaidi huandika yale yatakayomkumbusha la kusema. Maelezo yenyewe huyatoa kwa mdomo. Ndiyo maana mwanafunzi aliyekaa darasani akaelewa vizuri anaweza kuzifungua slaidi zilezile wiki mbili kabla ya mtihani akaona vichwa vya habari na fomula tu. Kitini kizuri cha kujisomea hurudisha yale yaliyosemwa kati ya slaidi moja na nyingine.

Tuchukue mhadhara wanaoufahamu wanafunzi wa udaktari, uuguzi na afya ya jamii: ubora wa vipimo vya magonjwa. Kwa kawaida slaidi hutaja sensitiviti, spesifisiti na thamani tabirifu ya jibu chanya, kisha huweka fomula:

```
PPV = TP / (TP + FP)
```

Hapa TP ni wagonjwa waliopata jibu chanya, na FP ni wazima waliopata jibu hilo kimakosa. Mwanafunzi anayenakili fomula hiyo kwenye daftari bado hajaandaa kitini. Amehamisha tu slaidi.

Kwanza pitia slaidi zote bila kuandika kitu, ukitafuta maswali ambayo mhadhara ulikuwa unayajibu. Slaidi arobaini mara nyingi hubeba maswali manne au matano tu. Katika mhadhara wetu, swali kuu ni hili: mtu akiambiwa kipimo kimeonyesha ana ugonjwa, je, kweli anao? Swali hilo ndilo liwe kichwa cha sehemu, badala ya jina la slaidi.

Kisha andika fasili. Dhana tatu za hapa huwachanganya watu kwa sababu zote ni asilimia, na tofauti yake imejificha katika swali dogo: asilimia ya nani? Kwa hiyo kila fasili ianze kwa kutaja kundi linalohesabiwa. Sensitiviti: kati ya wenye ugonjwa, ni sehemu gani ilipata jibu chanya. Spesifisiti: kati ya wasio na ugonjwa, ni sehemu gani ilipata jibu hasi. Thamani tabirifu ya jibu chanya: kati ya wote waliopata jibu chanya, ni sehemu gani wanaugua kweli. Fasili ambayo unaweza kuibandika kwenye dhana ya jirani bila mtu kugundua haijakamilika. Ikikushinda kuinyoosha, fungua kitabu cha kiada, maana slaidi nazo huwa na makosa.

Sasa mfano wa hesabu, ambao ndio moyo wa kitini. Tuseme tunapima watu 1,000 kijijini, asilimia 2 wana ugonjwa, sensitiviti ni asilimia 90 na spesifisiti asilimia 95. Wagonjwa ni 20, na kipimo kinawanasa 18. Wazima ni 980. Asilimia 5 yao, yaani 49, wanapata jibu chanya kimakosa. Jumla ya majibu chanya ni 67, na wanaougua kweli ni 18. Gawanya 18 kwa 67: takriban asilimia 27. Kando ya kila hatua andika sababu yake, kwa sababu hapo ndipo sauti ya mhadhiri ilipopotea.

Usiishie hapo. Badilisha kitu kimoja tu. Kipimo kilekile kikipelekwa kliniki ambako asilimia 20 ya wanaopimwa wanaugua, kwa kila watu 1,000 tunapata 180 wa kweli na 40 wa kimakosa, na thamani inapanda hadi takriban asilimia 82. Kipimo hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni watu waliopimwa. Jambo hilo halionekani kwenye fomula mpaka mifano miwili ikae pamoja, na watahini hupenda kuliuliza.

Mfano wa tatu weka swali peke yake, jibu ukalifiche ukurasa wa nyuma. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha majaribio ambamo baadhi ya wanafunzi walirudia kusoma matini na wengine walijaribu kuyakumbuka bila kuyaangalia. Baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walifanya vizuri zaidi. Baada ya wiki moja, waliojitahini ndio waliokumbuka zaidi. Kurudia kusoma humpa mtu hisia ya kujua ambayo haidumu mpaka siku ya mtihani.

Kipimo cha kitini chako ni rahisi: funika jibu, badilisha namba, fanya hesabu. Ukikwama, tazama hatua uliyokwamia; hiyo ndiyo inayodai maelezo zaidi. Na kama slaidi hazina mfano wowote wa hesabu, mwendee mhadhiri wako mapema, ukiwa na mfano uliojitungia mkononi, umwombe aukague.